Imechomekwa, Haichaji

Katika kompyuta mpakato zinazotumia Windows, mshale ukiwekwa juu ya alama ya betri pembeni mwa skrini huweza kutokea maneno haya: "37% available (plugged in, not charging)". Maana yake ni kwamba umeme wa ukutani umeingia, kompyuta inauona na pengine inaendeshwa nao, lakini betri hailishwi. Wengi huyasoma maneno hayo kama tangazo la kifo cha betri na kwenda moja kwa moja dukani kununua nyingine. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu ujumbe huo hausemi kwamba kitu fulani kimeharibika. Unasema kwamba kuchaji kumezuiwa.

Anayezuia ni chipu ndogo kwenye bodi kuu, ambayo hubaki macho hata Windows ikiwa imezimwa. Kabla ya kuruhusu umeme kwenda kwenye betri, chipu hiyo hutaka kujua mambo matatu. Kwanza, chaja iliyochomekwa ni ya aina gani na ina nguvu kiasi gani. Pili, betri yenyewe inasemaje kuhusu hali yake, joto lake na kiasi ilichonacho. Tatu, kuna agizo lolote lililoandikwa kwamba betri isijazwe kupita kiwango fulani? Jibu baya kwa swali moja tu linatosha kusimamisha kazi. Windows hupokea matokeo na kuyaonyesha kwa sentensi ileile moja, vyovyote vile sababu ilivyokuwa, na hapo ndipo mkanganyiko wote unapoanzia.

Kuna dalili moja ya bure ambayo hupunguza kubahatisha kabla hata bisibisi haijashikwa, nayo ni asilimia ambayo betri imesimama. Betri iliyosimama 80 au 60 kila siku, bila kuyumba, karibu daima inatii kikomo kilichowekwa kwenye mipangilio. Iliyosimama kati ya 95 na 99 kwa kawaida haina tatizo lolote, kwani kompyuta nyingi haziongezi chaji mpaka betri ishuke chini ya kiwango fulani karibu na ukingo, ili seli zisijazwe tonetone mchana kutwa. Iliyoganda kwenye sifuri huelekeza kidole kwa betri yenyewe. Namba isiyo na mpangilio, kwa mfano 37 leo na 22 kesho baada ya umeme kukatika, huelekeza kwanza kwenye chaja.

Chaja inayotoa umeme lakini haijitambulishi

Chaja ndiyo mshukiwa anayefaa kuanziwa, na kompyuta za Dell ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi kwa nini. Latitude zilizotumika, zilizotolewa maofisini Ulaya na Amerika na kuuzwa tena, zimejaa katika maduka ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Nyingi hufika bila chaja zao za asili. Muuzaji hutafuta chaja yoyote ambayo kichwa chake kinaingia, kompyuta inawaka mbele ya mnunuzi, na biashara inaisha hapo.

Kichwa cha mviringo cha chaja ya Dell, kile kinene cha milimita 7.4 na kile chembamba cha milimita 4.5, kina sehemu tatu. Ukuta wa nje ni hasi. Ukuta wa ndani ni chanya, nao hubeba volti 19.5. Katikati kuna pini nyembamba kama sindano, ambayo haibebi umeme wa kuendesha kompyuta hata kidogo. Kazi yake ni mawasiliano. Ndani ya chaja mna chipu ndogo yenye maandishi machache, na kompyuta huyasoma kupitia pini hiyo mara tu chaja inapochomekwa. Katika chaja ya wati 90, kwa mfano, maandishi hayo huanza na jina DELL, kisha hubeba tarakimu 090, 195 na 046, yaani wati 90, volti 19.5 na ampea 4.6. Kompyuta ikishasoma hayo hujua inaweza kujichotea kiasi gani bila kuichosha chaja.

Pini ikinyamaza, kompyuta haijui kama imeunganishwa na chaja ya wati 90 au na kifaa dhaifu kitakachoungua baada ya dakika kumi. Hivyo huchagua usalama. Hukubali umeme wa kujiendesha, hukataa kuchaji betri, na mara nyingi hupunguza kasi ya prosesa ili matumizi yawe madogo. Matokeo yake ni kompyuta inayowaka vizuri, haichaji, na imekuwa nzito ghafla kiasi kwamba kufungua ukurasa mmoja ni kazi. Kwenye Task Manager, sehemu ya Performance, kasi ya prosesa huonekana imeganda chini ya gigahezi 1 hata kazi ikiwa nyingi. Dalili hizo mbili zikija pamoja, kutochaji na uzito wa ghafla, hakuna haja ya kuilaumu betri kwanza.

Uthibitisho hupatikana ndani ya BIOS. Kompyuta huzimwa, huwashwa tena huku kitufe cha F2 kikibonyezwa mfululizo, kisha hufunguliwa ukurasa wa Battery Information. Hapo, pamoja na hali ya betri, huandikwa aina ya chaja iliyounganishwa. Chaja iliyotambuliwa huonyeshwa kwa wati zake. Isiyotambuliwa huandikwa Unknown. Kompyuta nyingi za Dell pia hutoa onyo wakati wa kuwaka, lenye maneno "The AC power adapter type cannot be determined". Onyo hilo lina swichi yake katika BIOS, iitwayo Adapter Warnings, na swichi hiyo ikizimwa onyo halitokei tena. Tatizo hubaki palepale. Kompyuta isiyotoa onyo, kwa hiyo, haijathibitisha kwamba chaja ni sahihi, na mnunuzi wa mashine iliyotumika hana budi kufungua ukurasa wenyewe.

Hapa ndipo mita ya fundi inapodanganya. Fundi huweka ncha moja nje ya kichwa cha chaja na nyingine ndani, anasoma volti 19.5, kisha anatangaza kwamba chaja ni nzima. Alichopima ni njia ya nguvu peke yake. Waya wa pini ya katikati unaweza kuwa umekatika na mita isionyeshe chochote. Waya huo ni mwembamba kuliko wenzake, na kwa kawaida hukatika shingoni, pale waya unapoingia kwenye kichwa, kwa sababu ndipo panapokunjwa kila siku. Ndiyo maana baadhi ya chaja huanza kuchaji zikishikwa kwa pembe fulani na kuacha zikiachiliwa. Ncha ya mita nayo yapasa kushikwa kwa mkono uliotulia: ikigusa kwa pamoja pini ya katikati na ukuta wa ndani, volti 19.5 huingia katika njia ya mawasiliano na kuua chipu ya chaja papo hapo. Pini iliyopinda ikagusa ukuta huo huku imechomekwa kwenye kompyuta ni hatari zaidi, kwa kuwa umeme huo huweza kufika kwenye bodi kuu.

Kosa jingine la madukani hutokana na sura. Chaja za HP za kichwa kinene zinafanana na za Dell kiasi kwamba moja huingia katika tundu la nyingine bila kulazimishwa, na volti zao zinakaribiana. Ila namna zinavyojitambulisha si moja. Chaja ya HP kwenye Dell kwa kawaida huiwasha kompyuta bila kuichaji, na muuzaji anaweza kuapa kwa dhati kwamba chaja haina kasoro. Lenovo nao, katika kichwa chao cha mstatili, hutumia kizuizi kidogo cha umeme kuonyesha wati za chaja. Njia zinatofautiana, shabaha ni moja.

Kipimo cha kuaminika kuliko mita ni chaja nyingine ya asili, yenye wati zilezile au zaidi, iliyokwisha kuonekana ikichaji kompyuta nyingine ya kampuni hiyo. Wati zikizidi hakuna madhara, kwani kompyuta huchota inachohitaji tu. Volti ndizo zisizobadilishwa. BIOS ikiandika wati za chaja hiyo ya pili na kuchaji kukaanza, mkosaji amejulikana. Ikiandika Unknown tena, lawama huhamia kwenye tundu la kompyuta. Katika Latitude nyingi tundu hilo ni kipande cha pekee chenye waya mfupi unaochomekwa kwenye bodi, na hubadilishwa bila kuchomelea. Baada ya tundu hubaki bodi kuu, ambayo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Chaja za USB-C hazina pini ya katikati, lakini nazo hujitambulisha. Mwanzoni chaja hutoa volti 5 tu. Kisha chaja na kompyuta huelewana, na volti hupanda hadi 9, 15 au 20. Kompyuta nyingi huhitaji volti 20 ili zichaji ipasavyo, hivyo chaja ya simu inayoishia volti 5 au 9 huweza kuleta ujumbe uleule wa kutochaji, au kuruhusu chaji iende kwa mwendo wa konokono. Baadhi ya chaja za simu zilizoandikwa wati nyingi hutoa wati hizo kwa simu za kampuni yao pekee. Waya nao huhesabiwa. Waya wa kawaida wa USB-C mpaka USB-C hubeba ampea 3, ambazo kwa volti 20 ni wati 60. Zaidi ya hapo unatakiwa waya wa ampea 5 wenye chipu yake yenyewe. Na waya ambao upande mmoja una kichwa kipana cha USB cha zamani hauwezi kufanya maelewano hayo, hata chaja iwe na nguvu namna gani.

Betri kwa maneno yake yenyewe

Chaja ikitambuliwa na bado kuchaji hakuanzi, zamu ni ya betri. Ndani ya betri mna bodi ndogo inayohesabu umeme unaoingia na kutoka, kupima joto la seli na kuandika kumbukumbu. Windows inaweza kuifungua kumbukumbu hiyo. Hufunguliwa dirisha la Command Prompt na kuandikwa:

```
powercfg /batteryreport
```

Amri hiyo hutengeneza faili liitwalo battery-report.html na kuonyesha mahali lilipohifadhiwa, kwa kawaida ndani ya folda ya mtumiaji. Faili hufunguliwa kwa kivinjari chochote, bila intaneti. Mambo mengi yaliyomo yanaweza kurukwa. Sehemu inayohitajika ni Installed batteries, na ndani yake mistari mitatu: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY, yaani kiasi inachoweza kubeba sasa ikijazwa, na CYCLE COUNT, idadi ya mizunguko iliyokwisha kutumika. Mzunguko mmoja ni jumla ya umeme unaolingana na betri nzima, hivyo kutumia nusu leo na nusu kesho ni mzunguko mmoja. Baadhi ya betri haziandiki hesabu hii, na mahali pake hubaki kistari au sifuri.

Afya ya betri ni mstari wa pili ukigawanywa kwa wa kwanza. Betri ya miliwati-saa 68,000 ambayo sasa hubeba 54,400 imebaki na asilimia 80, na hiyo ni betri inayoheshimika kwa mashine iliyotumika. Ikishuka chini ya nusu, mwenye nayo huanza kuona asilimia zikiporomoka kwa kuruka, kutoka 30 hadi 7, au kompyuta ikizimika huku skrini ikidai bado kuna chaji. Jambo la kushikilia ni kwamba uchakavu wa namna hiyo, peke yake, hauleti ujumbe wa kutochaji. Betri iliyochoka huchaji, tena huchaji haraka, kwa kuwa kuna kidogo cha kujaza. Inayokataa kuchaji ina sababu nyingine.

Sababu ya kwanza ni betri iliyoachwa tupu kwa miezi. Seli za lithiamu zikikauka kupita kiasi, bodi ya betri hukataa kuzijaza kwa nguvu, kwa sababu seli iliyokauka sana huweza kuharibika kwa ndani na kuwa hatari. Kwanza hupitisha umeme mdogo sana ili kuona kama seli zitaamka. Kompyuta ya namna hiyo huonyesha sifuri kwa saa nzima au zaidi kabla ya kupanda asilimia moja, hivyo inafaa kuachwa ikiwa imechomekwa, imezimwa, mahali penye mtu wa kuiangalia. Isipoamka kufikia siku ya pili, haiamki tena. Nyingine hujifunga kabisa: bodi yake ikigundua hitilafu kubwa huikata njia ya umeme, na hakuna mpangilio wa Windows unaoifungua.

Sababu ya pili ni joto. Seli zikifika takriban nyuzi 45 hadi 50, kuchaji husimamishwa mpaka zipoe. Kompyuta iliyowekwa juu ya godoro, matundu yake ya hewa yakiwa yamezibwa, katika chumba cha Mombasa au Tanga mwezi wa Februari, hufika huko bila shida. Dalili yake ni kwamba ujumbe huja na kuondoka: haichaji mchana wakati wa kazi nzito, huchaji usiku ikiwa imezimwa. Anayeiona hivyo hana haja ya kununua kitu. Huisogeza mezani na kusafisha feni.

Betri iliyovimba haipimwi wala kuchajiwa. Padi ya kugusa ikiinuka au kugoma kubonyea, kifuniko cha chini kikiachana na ubavu, au kompyuta ikayumba juu ya meza iliyo sawa, chaja huchomolewa, mashine huzimwa na betri hutolewa na mtu anayejua kuitoa bila kuichokonoa wala kuikunja.

Kuhusu betri za kuiga, ripoti ya Windows isiaminiwe kipofu. Ripoti hunukuu kile bodi ya betri inachokisema, na bodi inaweza kuandikwa chochote. Betri mpya yenye uwezo wa sasa uliolingana sawasawa na ule wa kiwandani, mizunguko sifuri, lakini ambayo huisha baada ya dakika arobaini za kuandika tu, imeshajieleza.

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kufungua Device Manager, kuondoa kifaa kiitwacho Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery, kisha kuwasha upya. Hakuna madhara kuujaribu, na mara mojamoja husaidia pale Windows inapoonyesha hali ya jana. Ila hauwezi kurekebisha pini iliyokatika wala seli iliyokufa. Chenye nafasi kubwa zaidi ya kusaidia ni kuiwasha upya ile chipu inayosimamia umeme: kompyuta huzimwa kabisa, chaja huchomolewa, betri hutolewa kama inatoka kwa nje, kisha kitufe cha kuwasha hushikiliwa nusu dakika kabla ya kurudisha vyote.

Agizo lililoachwa na mmiliki wa zamani

Seli ya lithiamu huzeeka haraka zaidi ikikaa imejaa pomoni, hasa kwenye joto. Kwa hiyo watengenezaji wameweka uwezekano wa kuamuru kuchaji kukome mapema, kwa manufaa ya mtu ambaye kompyuta yake hukaa imechomekwa kutwa. Aliyeuweka mpango huo mwenyewe hashangai. Anayeshangaa ni yule aliyeurithi.

Mpango huu hauandikwi ndani ya Windows. Programu za watengenezaji huonyesha swichi, lakini agizo lenyewe huhifadhiwa kwenye BIOS au kwenye chipu inayosimamia umeme. Diski inaweza kufutwa, Windows mpya ikawekwa, hata diski yenyewe ikabadilishwa, na agizo likabaki. Kompyuta ya ofisi iliyopangwa na mtaalamu wa kampuni isimame 80 huendelea kusimama 80 mikononi mwa mnunuzi ambaye hajawahi kusikia habari hizo, na ambaye huambiwa betri yake imekufa sehemu moja ya tano.

Kwa Dell, mpango uko katika BIOS chini ya Power Management, kwenye Primary Battery Charge Configuration. Standard hujaza kikamilifu. Primarily AC Use huzuia kujaa ili kulinda betri. Adaptive hujipangia kwa kufuata mazoea ya mtumiaji. Custom hupokea namba mbili: ya kuanzia, kati ya 50 na 95, na ya kukomea, kati ya 55 na 100. Namba ya kuanzia ndiyo inayochanganya watu wengi. Ikiwa kompyuta imepangwa kuanza 50 na kukoma 80, na betri iko 72, haitachaji hata ikiwa imechomekwa, kwa sababu haijashuka chini ya 50. Itabaki 72 leo na kesho, na hakuna kilichoharibika. ThinkPad za Lenovo zina namba mbili za namna hiyohiyo katika programu ya Lenovo Vantage. IdeaPad zina swichi moja, Conservation Mode, ambayo husimamisha chaji karibu na 60 au 80 kutegemea toleo.

HP huweka yake katika BIOS, inayofunguliwa kwa F10, kwa jina Battery Health Manager. Chaguo la Maximize my battery health husimamisha chaji kwenye 80. ASUS hutumia programu ya MyASUS yenye viwango vya 60, 80 na 100. Acer wana Battery Charge Limit ya 80. Surface za Microsoft zina Battery Limit, ambayo huishia 50 na iliwekwa kwa ajili ya mashine zinazokaa kwenye umeme saa zote.

Namna sababu zinavyoweza kupandana huonekana katika mfano huu. Latitude ya inchi 14 yenye betri ya miliwati-saa 68,000 imenunuliwa ikiwa imetumika. Imesimama 37, imechomekwa, haichaji, na inafanya kazi kwa kusuasua. Namba 37 peke yake inaiondoa Custom kwenye orodha ya washukiwa, kwa kuwa Dell hairuhusu kiwango cha kuanzia kilicho chini ya 50. Agizo lolote la namna hiyo lingeshaamuru kuchaji kuanze. Uzito wa prosesa unaelekeza kwenye chaja. BIOS inaandika Unknown, ingawa mita inasoma volti 19.5 kwenye kichwa. Inaazimwa chaja ya asili ya wati 65 kutoka kompyuta nyingine ya Dell, BIOS inaitambua, kuchaji kunaanza na kasi ya prosesa inarudi. Tundu na bodi ni vizima. Tatizo liko kwenye waya wa chaja ya kwanza. Fundi anakata waya shingoni na kuunganisha kichwa kipya chenye nyuzi tatu. Kichwa chenye nyuzi mbili kingewasha kompyuta na kuirudisha palepale ilipokuwa.

Betri inapanda hadi 80 na kusimama. Ujumbe unarudi, maneno yaleyale, na mwenye kompyuta ana kila sababu ya kudhani fundi amemdanganya. Lakini safari hii prosesa haijapungua kasi na BIOS inaitambua chaja. Kwenye Primary Battery Charge Configuration inakutwa Custom, kuanza 50, kukoma 80, iliyowekwa na ofisi ya zamani. Inabadilishwa kuwa Standard, mabadiliko yanahifadhiwa, na betri inafika 100.

Kisha inasomwa ripoti. DESIGN CAPACITY ni 68,000, FULL CHARGE CAPACITY ni 31,280, yaani asilimia 46. Kwa matumizi ya wastani wa wati 10, ambayo ni kuandika na kusoma kwenye skrini iliyopunguzwa mwanga, uwezo huo unatoa saa tatu hivi, mahali ambapo betri mpya ingekaribia saa saba. Kama kompyuta hukaa mezani na umeme hukatika kwa saa moja au mbili, saa tatu zinatosha na kikomo cha 80 kinaweza kurudishwa, kikipunguza muda huo hadi saa mbili na nusu. Kama mwenye nayo hushinda darasani mbali na soketi, betri mpya ina kazi ya kufanya, na inanunuliwa kwa kufuata namba ya aina iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, kwa sababu modeli moja ya Latitude huweza kuuzwa na betri za ukubwa tofauti ambazo hazibadilishani nafasi.